Unga wa mlonge ulioanikwa kando ya barabara: cheti kinasema hauna madini ya risasi, je, kinatosha?

MamaPili wa Kibaha

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kuelewa jambo moja ambalo limeninyima usingizi kwa siku kadhaa. Nina ujauzito wa wiki 19, na kliniki waliniambia damu yangu ni 9.8. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, na wifi yangu kwa nia njema akaniletea kilo moja ya unga wa mlonge kutoka kwa muuzaji anayesifika hapa kwetu. Nimekuwa nikitia kwenye uji vijiko viwili vya chai asubuhi na viwili jioni, kwa muda wa wiki tano sasa.

Wiki iliyopita wifi alikwenda kununua mwingine, akakuta majani yameanikwa kwenye turubai kando kabisa ya barabara kuu, hatua chache kutoka kwa fundi anayepasua betri za magari. Nilimpigia muuzaji, naye akanitumia picha ya cheti cha maabara. Kwenye mstari wa risasi kuna herufi mbili tu, ND, na pembeni imeandikwa kwamba kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 10 mg/kg. Je, cheti hicho kinatosha kunituliza? Na kama hakitoshi, nifanye nini kabla ya kununua tena?

Babu Mwarobaini

Mwanangu, pole na hongera kwa mzigo ulioubeba. Mlonge tumeutumia miaka mingi na haujamdhuru mtu. Ukiwa na wasiwasi, usile unga. Uchemshe kwa nusu saa, uchuje, unywe maji yake na machicha uyatupe. Moto huunguza kila uchafu, na hayo madini yatateketea pamoja na vijidudu.

Mpima Sampuli

Mama Pili, nimefanya kazi ya kupima vyakula na mimea ya dawa katika maabara kwa miaka 11, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo, nikianzia kwa mzee wetu.

Shikamoo Babu. Ushauri wako wa kuchuja una maana, ila sababu yake ni nyingine. Risasi haiungui. Ni elementi, na moto wa jikoni unaoua vijidudu hauwezi kuipunguza hata chembe. Kinachosaidia ni kwamba sehemu kubwa ya risasi iliyomo kwenye jani au kwenye vumbi lililoshikamana nalo hubaki kwenye machicha, na ndogo tu huingia kwenye maji. Kwa hiyo anayekunywa chai iliyochujwa hupokea kidogo kuliko anayekula jani zima lililosagwa. Lakini mtu akichemsha kwa nusu saa, tena akatia ndimu au ukwaju, basi sufuria nayo inahusika. Zile sufuria zinazosubiwa mtaani kwa vyuma chakavu vya alumini zimepimwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania na Kenya, na baadhi zilitoa risasi kwenye maji yenye uchachu. Dawa ya kuchemsha ipikwe kwenye sufuria ya stili.

Sasa nirudi kwenye cheti. ND maana yake ni kwamba mashine haikuona kitu, na mashine moja inaweza kuona kidogo sana ilhali nyingine haioni hata kingi. Kama kipimo kilichotumika hakioni chochote chini ya 5 mg/kg, basi ND inaweza kuficha 4. Cheti chenye maana huandika namba ya chini kabisa ambayo kipimo kinaweza kuiona, huandika namba ya toleo la unga uliopimwa, na huonyesha tarehe. Cheti cha mwaka juzi kinahusu unga wa mwaka juzi, si huu ulio kwenye mkebe wako.

Lakini hata tukichukulia kwamba cheti ni cha kweli, kikomo chenyewe ndicho ninachotaka ukiangalie kwa makini. Hiyo 10 mg/kg ni kikomo cha risasi ndani ya kilo moja ya mmea mkavu. Hakisemi utakula kiasi gani. Mtu anayetia nusu gramu ya dawa kwenye kikombe na mtu anayekula kama chakula wamewekewa namba moja. Vijiko vyako vinne vya chai, kwa unga mwepesi kama wa mlonge, ni kama gramu 10 kwa siku. Unga wenye 10 mg/kg, ambao kwa cheti hicho umefaulu, utakupa mikrogramu 100 za risasi kila siku. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeweka alama ya mikrogramu 8.8 kwa siku kutoka kwenye chakula kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ukigawa 8.8 kwa gramu 10, utaona kwamba wewe, kwa kiasi unachokula, unahitaji unga ulio chini ya 0.9 mg/kg. Namba hiyo ndiyo ya kumwuliza muuzaji.

Nisisitize pia kwamba 8.8 si mpaka wa usalama. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo iliondoa kiwango cha zamani cha risasi kilichokuwa kinaruhusiwa kwa wiki, kwa sababu haikuonekana kwamba kuna kiasi kinachoweza kuitwa salama. Na kuna jambo linalokuhusu wewe hasa. Mwili wenye upungufu wa chuma hunyonya risasi zaidi, kwa sababu tumbo hutumia njia ileile kuvipitisha vyote viwili, na risasi iliyo katika damu ya mama hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto. Ningesimamisha unga huo leo na kushika vidonge vya kliniki bila kuruka hata siku moja.

Fundi wa Kinu

Mimi nina kinu cha kusaga hapa Morogoro na ninasaga mlonge, mbegu za maboga, na mizizi ya kila aina. Kuna njia rahisi ya kujua kama unga una chuma ndani. Chukua sumaku, ifunge kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, uipitishe polepole ndani ya unga. Ukiona chembe nyeusi zimenata, basi unga huo una madini, usinunue.

Mpima Sampuli

Ndugu Fundi, sumaku yako ni nzuri kwa chembe zinazotoka kwenye mawe na nyundo za kinu zilizochakaa, na ningependa kila mwenye kinu aitumie kama wewe. Ila sumaku huvuta chuma. Risasi haivutwi, kadimi haivutwi, zebaki haivutwi. Unga unaweza kupita kwenye sumaku ukiwa safi kabisa na bado ukawa na risasi nyingi.

Kwa vumbi kuna jaribio jingine la nyumbani. Tia kijiko kimoja cha unga kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika kumi, kisha mwaga polepole maji na majani yanayoelea, urudie mara mbili au tatu. Mchanga na udongo mzito hubaki chini, na ukisugua kwa kidole utausikia ukikwaruza. Jaribio hili halipimi risasi. Linakuonyesha tu kama majani yalioshwa na yalianikwa wapi, na udongo mwembamba sana linaweza kuukosa. Hata hivyo, unga unaoacha tabaka la mchanga ninaurudisha dukani bila kusubiri maabara.

Mzaliwa wa Mikindani

Niongeze kutoka Mombasa, maana watu wengi hudhani kwamba tatizo huisha kiwanda kikiondoka. Wengi mnakumbuka Owino Uhuru, mtaa ulio jirani na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014. Mama Phyllis Omido ndiye aliyesimama kidete, na kesi ya wakazi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyokuwa imetolewa mwaka 2020. Watafiti waliopima udongo wa mtaa huo walipata wastani wa miligramu 146 za risasi kwa kila kilo, ilhali katika mtaa wa Bangladesh, usio mbali, ilikuwa 14 na nusu.

Nasema hivi kwa sababu shangazi yangu aliishi karibu na eneo hilo na alikuwa na bustani ya dawa nyuma ya nyumba: mwarobaini, mshubiri, mlonge. Majirani walimwamini kuliko duka lolote, kwa kuwa walijua mikono yake. Hakuna aliyewahi kuuliza juu ya udongo wake.

Mpima Sampuli

Asante sana, umeniletea namba ninazozihitaji. Watu hudhani kwamba mmea hufyonza risasi kutoka ardhini na kuijaza kwenye majani. Kwa risasi, hilo hutokea kwa kiasi kidogo, kwa sababu inang'ang'ania kwenye udongo na ile inayoingia hubaki zaidi kwenye mizizi. Kadimi ndiyo inayopanda kwa urahisi hadi kwenye majani, hasa udongo ukiwa na uchachu. Risasi ya kwenye majani, mara nyingi, ni vumbi lililotua juu yake.

Tuchukue mfano. Tuseme asilimia 3 ya uzito wa unga ni udongo ulioshikamana na majani yasiyooshwa. Kama udongo huo ni wa miligramu 14 na nusu, unaongeza kwenye unga takriban 0.4 mg/kg. Kama ni wa miligramu 146, unaongeza 4.4. Kwa gramu 10 za Mama Pili, tofauti ni mikrogramu 4 na mikrogramu 44 kwa siku, na unga wote mmoja rangi, ladha na harufu. Ndiyo sababu mahali pa kuanika na maji ya kuoshea vina uzito kuliko jina la mmea. Udongo wa kando ya barabara kuu za zamani nao una historia yake. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyotua kabla ya hapo haikuhama, ipo kwenye sentimita chache za juu.

Binti Upanga

Naomba kusimulia yaliyotupata nyumbani, ingawa hayahusu mlonge. Baba yangu ana miaka 64 na aliteswa na viungo. Jamaa aliyetoka India alimletea vidonge vya tiba ya Kiayuveda, akavitumia kwa miezi saba. Akaanza kufunga choo, tumbo likawa linamsokota usiku, akapauka. Mara mbili alitibiwa vidonda vya tumbo, na mara moja malaria. Daktari kijana katika hospitali ya tatu ndiye aliyeangalia damu kwenye darubini, akaona madoa ya bluu ndani ya chembe nyekundu, akamwuliza baba: "Mzee, unatumia dawa gani nyingine ambazo hukututajia?" Damu ilipelekwa kupimwa, ikarudi na mikrogramu 61 za risasi kwa desilita.

Kwenye chupa jina la kiungo lilikuwepo wazi, Naga Bhasma. Hatukujua kwamba *naga* katika tiba hiyo ni risasi yenyewe, na *bhasma* ni majivu ya madini yaliyochomwa. Hapakuwa na uchafuzi wowote. Ilitiwa kwa makusudi kama dawa.

Alilazwa na kupewa dawa ya kuvuta risasi, ikashuka hadi 22. Baada ya wiki sita ikapanda tena hadi 31, tukamshuku kwamba anavitumia kwa siri. Alilia tulipomwuliza. Daktari akatueleza kwamba risasi iliyokuwa imejificha kwenye mifupa ilikuwa inarudi kwenye damu. Bado naona aibu kwa siku ile.

Mpima Sampuli

Pole sana dada, na umpe mzee shikamoo yangu. Kisa chako kinaonyesha njia ya pili, ambayo kuosha na kuanika vizuri hakuisaidii kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Kiayuveda zilizonunuliwa kwenye maduka ya eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwingine uliochapishwa mwaka 2008 ulipima 193 zilizonunuliwa kupitia mtandao, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na madini hayo. Zile zilizotengenezwa kwa desturi ya kuchanganya madini ndizo zilizoongoza, lakini hata zile za mimea mitupu hazikusalimika zote. Anayenunua vidonge hivyo Kisutu, Ngara au mtandaoni asome viungo. Akikuta Bhasma, Naga, Parad au Rasa Sindoor, arudishe chupa na aulize kwanza. Parad ni zebaki. Na kama viungo havikuandikwa kabisa, hilo nalo ni jibu.

Tena, mtu asijinunulie dawa ya kuvuta madini mtaani. Huvuta pia madini ambayo mwili unayahitaji, na hutolewa hospitalini kwa kipimo.

Mama Zawadi

Samahani, sijui kama niko kwenye uzi sahihi. Mimi nina mimba ya miezi sita na ninatafuna udongo, ile pemba inayouzwa sokoni kwa vipande. Kwa siku naweza kumaliza vipande vitano. Hauna dawa yoyote, ni udongo safi uliokaushwa kwa moto. Huo nao una risasi?

Mpima Sampuli

Uko mahali pake kabisa, dada. Udongo wote duniani una risasi kiasi fulani, hata ule wa porini. Swali ni unakula gramu ngapi. Vipande vitano vyaweza kufika gramu 30. Kwa udongo wa kawaida tu, ule wa 14 na nusu tuliousema, hizo ni zaidi ya mikrogramu 400 kwa siku, na kukausha kwa moto hakuondoi kitu. Sitakuficha kwamba si yote inayoingia mwilini. Sehemu ya risasi hubaki imeshikwa na mfinyanzi na kutoka kwa njia ya choo, na wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani. Lakini mfinyanzi huohuo unaweza kushika pia chuma cha vidonge vyako. Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie mkunga wako waziwazi, naye aangalie damu. Hatashangaa.

Babu Mwarobaini

Nimesoma yote kwa utulivu. Nakubali kwamba moto hauunguzi madini. Lakini mimi huchimba mizizi mwenyewe msituni Handeni, mbali na barabara, mbali na viwanda. Bado mnaniambia nina hatari?

Mpima Sampuli

Babu, hatari yako ni ndogo kuliko ya unga wa barabarani, na sina sababu ya kukutisha. Mizizi ndiyo inayotoka na udongo mwingi, kwa hiyo isugue kwa brashi ndani ya maji yanayotiririka, umenye ganda la nje kama dawa yako haitegemei ganda hilo, ndipo ukate na kuanika. Nitakachouliza ni kama kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu kwenye bonde hilo, kwa sababu wanaochenjua kwa zebaki huacha zebaki kwenye mchanga na mtoni.

Mkulima wa Hombolo

Mimi ni mkulima na muuzaji wa mlonge, na nimesoma kwa uchungu kidogo kwa sababu sisi sote tutapimwa kwa kosa la mwenzetu. Majani yangu naosha mara tatu, maji ya mwisho lazima yawe meupe, kisha naanika kwenye vichanja vya wavu, mita moja kutoka chini, ndani ya banda. Kupeleka kila toleo maabara siwezi, bei ya kipimo inakula faida ya magunia mawili. Mnunuzi anataka unga wa bei ya barabarani wenye cheti cha dukani. Mnashauri nini?

Mpima Sampuli

Malalamiko yako ni ya haki. Wakulima watano wanaovuna eneo moja na kufuata njia moja wanaweza kupima kwa pamoja, mara moja kwa msimu, na kupima tena kitu kikibadilika: shamba, maji, kinu au mahali pa kuanika. Chukua kijiko kutoka kila gunia, changanya, toa gramu 200, na uombe majibu yenye namba. Ukimwonyesha mnunuzi 0.4 pamoja na picha za vichanja vyako, umempa zaidi ya ND. Kama atakubali kulipa zaidi, hilo siwezi kulisemea.

MamaPili wa Kibaha

Wiki nne zimepita, nimerudi na majibu. Mume wangu alipeleka gramu 200 za ule unga uliobaki. Risasi imeonekana 3.1 mg/kg. Waliongeza kipimo cha majivu yasiyoyeyuka kwenye asidi, ikawa asilimia 4.5, na mpimaji alisema huo kwa sehemu kubwa ni mchanga na vumbi. Kwa hesabu ya Mpima, nilikuwa nakula mikrogramu 31 kwa siku, na unga huo ulikuwa umefaulu kikomo kilichoandikwa kwenye cheti. Nilimpelekea muuzaji majibu. Amesema atahamisha turubai. Kuhusu kuosha hakusema lolote.

Damu yangu ilipimwa risasi pia, ikawa mikrogramu 4.2 kwa desilita. Daktari anasema iko chini ya 5, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kama alama ya kutafuta chanzo na kuchukua hatua, na kwa kuwa chanzo tumeshakiondoa nirudie baada ya mwezi. Wingi wa damu umepanda hadi 10.6 kwa vidonge peke yake.

Binti Upanga

Dada, nafurahi kwa ajili yako, ila mimi nisingetulia kwa kuwa ni chini ya 5. Marekani walishusha alama yao kwa watoto hadi 3.5 tangu 2021, na wewe umebeba mtoto.

Mpima Sampuli

Nyote wawili mna hoja. Alama hizo zinasaidia kuamua ni nani afuatiliwe, na hazisemi kwamba chini yake hakuna madhara. Risasi ya kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya mwezi mmoja hivi chanzo kikiondoka, kwa hiyo kipimo cha pili kitasema mengi kuliko hiki. Kikishuka kuelekea 2, unga ndio uliokuwa chanzo kikubwa. Kikibaki palepale, tafuteni kingine ndani ya nyumba: sufuria, maji, rangi ya zamani ya kuta.

MamaPili wa Kibaha

Nyumba ya mama mkwe ina rangi ya mafuta ya miaka ya themanini, inabanduka upande wa uani. Na mti wetu wa mlonge, ambao nilikuwa nimeanza kuchuma majani mabichi nikiamini ni salama, umesimama pale pale chini ya ukuta. Kesho mume wangu atachukua udongo wa chini ya mti na mwingine wa mbele ya nyumba, kila mmoja kwenye mfuko wake, apeleke vyote viwili. Majani nimeacha kuchuma hadi majibu yatoke.